Kusukuma au kuvuta? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ofa za wauza jumla na wenye maduka

Nimeuza bidhaa za viwandani kwa miaka mingi Dar es Salaam, kwanza nikiwa kwenye kirikuu ya kampuni, baadaye nikisimamia vijana wa mauzo. Siku hizi wanaonitafuta ni watengenezaji wadogo wa sabuni, viungo na mafuta ya kupaka, na maswali yao hufanana. Majibu yote hapa yanatumia mfano mmoja, sabuni ya mche, ili hesabu zisituchanganye. Katoni ina miche 10. Kiwanda kinaiuza shilingi 30,000 kwa muuza jumla, na kuitengeneza kunagharimu 24,000. Muuza jumla anampa mwenye duka kwa 31,000. Bei hizi ni za mfano, weka zako.

## Kusukuma na kuvuta vinatofautiana wapi?

Vinatofautiana mahali unapoingizia fedha yako. Ukisukuma, unampa muuza jumla au mwenye duka sababu ya kuchukua mzigo wako na kuutanguliza mbele ya mteja, iwe bonasi, punguzo, mkopo au zawadi ya kufikisha lengo. Ukivuta, fedha unaipeleka kwa mlaji mwenyewe kupitia tangazo la redio, sampuli sokoni au zawadi ndani ya pakiti, ili aende dukani akaitaje bidhaa kwa jina. Mwenye duka akiulizwa mara tatu na hana, ataiulizia jumla, na jumla itakupigia wewe simu.

Hakuna kampuni inayofanya kimoja tu. Swali la maana ni kipi kibebe sehemu kubwa ya fedha yako mwaka huu.

## Nitajuaje bidhaa yangu inahitaji kipi?

Kaa dukani. Sisemi kwa mzaha. Tafuta duka la mtaani la dirishani, lile watu wanaloita kwa Mangi, omba kukaa pembeni jioni kuanzia saa kumi na moja hadi saa mbili usiku, na uandike maneno ya kila mteja anayenunua bidhaa ya aina yako. Ukifikisha wateja 50 kwenye maduka matatu au manne utakuwa na picha.

Mteja anayesema "nipe sabuni ya kufulia, kipande kimoja" amemwachia mwenye duka achague. Mwenye duka atanyoosha mkono kwenye ile iliyo karibu, au ile anayopata faida zaidi kwake, au ile aliyoipata kwa mkopo na anadaiwa. Kama wateja 35 kati ya 50 wanaongea hivyo, anayeamua mauzo yako ni yule aliye nyuma ya dirisha, na fedha yako iende kwake. Huko ni kusukuma.

Wateja wengi wakitaja jina la sabuni, na wakikosa wanaondoka kwenda duka la pili, basi mwenye duka hana nguvu. Hata umpe bonasi ya namna gani, hawezi kumgeuza mama aliyekuja na jina mdomoni. Hapo kusukuma peke yake kutajaza rafu bila kuuza, na huna budi kuvuta.

Angalia mtego mmoja wakati wa kuandika. Watu husema "Colgate" wakimaanisha dawa yoyote ya meno, na "Blue Band" wakimaanisha siagi yoyote ya kopo. Mteja wa namna hiyo anasikika kama ametaja jina, lakini akipewa nyingine anapokea bila neno. Kwa hiyo andika pia alichoondoka nacho. Alichoomba peke yake hakitoshi.

Supamaketi mambo ni tofauti kwa sababu mteja anachukua mwenyewe kwenye rafu. Huko sura ya pakiti na mahali ilipopangwa vinafanya kazi ambayo mtaani hufanywa na mdomo wa Mangi.

## Nianze na tangazo au na maduka?

Maduka. Niliwahi kufanya kazi na kiwanda kimoja kilicholipia matangazo ya redio wiki tatu mfululizo, mazuri kweli, watoto wakayaimba mitaani. Tulipozunguka maduka 100 ya Temeke na Mbagala tuliikuta bidhaa kwenye maduka 14. Maana yake tangazo lilikuwa linawatuma watu kwenda kuambiwa "hatuna, chukua hii". Tulikuwa tunawatangazia wenzetu.

Kabla ya kulipia redio, hesabu maduka 100 ya eneo ambalo tangazo litasikika. Kwangu mimi, chini ya nusu ya maduka kuwa na mzigo bado ni mapema. Hicho ni kipimo changu cha kazini, si sheria ya vitabuni.

## Ofa za wauza jumla na wenye maduka ni zipi?

Zilizozoeleka ni hizi: punguzo kwenye ankara, bonasi ya katoni (nunua kumi upate moja), marejesho ya mwisho wa mwezi au robo mwaka kwa aliyefikisha lengo, malipo ya kupanga bidhaa mahali pazuri, shindano la zawadi kwa wauzaji, na mali kauli, yaani mzigo unaochukuliwa kwa neno na kulipwa baadaye. Watu wengi hawaihesabu mali kauli kuwa promosheni. Ni promosheni, tena ya gharama, nitairudia chini.

## Bonasi ya kumi kwa moja inanigharimu kiasi gani hasa?

Zaidi ya unavyodhani. Wengi hujiambia "natoa moja kwenye kumi na moja, ni asilimia tisa tu." Asilimia tisa ya mauzo ni kweli, lakini wewe huishi kwa mauzo, unaishi kwa faida.

Katoni kumi bila ofa zinakuletea faida ya 60,000, yaani 6,000 kila moja. Ukiongeza katoni ya bure, umetoa kitu kilichokugharimu 24,000, na faida inabaki 36,000. Asilimia 40 ya faida imeondoka. Ili urudi pale ulipokuwa unapouza katoni 100 bila ofa, sasa lazima uuze za kulipiwa 167, na juu yake uwe umegawa kama 16 za bure. Ukisikia mtu anasema ofa ya kumi kwa moja imempandishia mauzo kwa asilimia 30 na anafurahi, mwambie apige tena hesabu.

Kuna wanaouliza kama bonasi ni nafuu kuliko punguzo la bei. Kwenye karatasi ni kitu kilekile: katoni 11 kwa 300,000 ni sawa na kuuza kila moja kwa 27,273. Kinachotofautiana ni tabia. Bonasi inaiacha bei ya 30,000 ikae kwenye ankara, na inamlazimisha mnunuzi achukue nyingi. Ubaya wake ni huohuo: inamlazimisha achukue nyingi.

## Kwa nini wakati wa ofa mzigo unatoka kwa kasi, halafu simu zinanyamaza?

Kwa sababu muuza jumla anajua hesabu. Siku za kawaida faida yake kwa katoni ni 1,000. Ukimpa kumi kwa moja, katoni inamwangukia kwa 27,273, na akiendelea kuuza 31,000 anapata zaidi ya 3,700. Umemzidishia faida karibu mara nne bila yeye kumtafuta mteja hata mmoja. Sabuni haiozi. Kwa nini asinunue ya mwezi mzima?

Mzee mmoja wa Kariakoo alinifunza hili nikiwa kijana. Nilifika dukani kwake kwa furaha, nikamwamkia, nikamweleza ofa mpya. Akachukua katoni 200, nami nikapiga simu ofisini kutangaza ushindi. Wiki mbili baadaye nikarudi na daftari langu. "Mwanangu," akasema, "zako bado ziko juu pale. Zikiisha nitakupigia. Ofa nyingine lini?" Nikainua macho. Katoni zilikuwa zimepangwa hadi karibu na dari, na utepe wa kiwandani haujaguswa.

Sasa tuitazame wiki kwa wiki. Tuseme wauza jumla wako wote kwa pamoja huchukua katoni 200 kwa wiki, yaani 1,200 kwa wiki sita. Unaweka ofa ya wiki mbili. Katika wiki hizo mbili stoo inatoa katoni 880: za kulipiwa 800 na za bonasi 80. Meneja wa mauzo anapigiwa makofi. Wiki ya tatu na ya nne zinatoka 60 tu. Ya tano na ya sita zinatoka 280, na baada ya hapo mambo yanarudi 200 kwa wiki.

Jumla ya wiki sita ni katoni 1,220. Bila ofa zingetoka 1,200. Kelele zote zile zimezaa katoni 20.

Faida je? Bila ofa ungepata 1,200 mara 6,000, yaani shilingi 7,200,000. Kwa ofa umelipwa katoni 1,140, yaani 34,200,000, na umetengeneza 1,220 kwa gharama ya 29,280,000. Kilichobaki ni 4,920,000. Umelipa shilingi 2,280,000 kuhamisha sabuni kutoka stoo yako kwenda stoo ya mwenzako.

Bado kuna hasara zisizoonekana kwenye jedwali. Wiki mbili za ofa kiwanda kililipa ovataimu, wiki mbili zilizofuata vijana walikaa. Sabuni iliyolala juu ya joto la bati inakauka na kusinyaa, na mwenye duka anaanza kulalamika kuwa mche umepungua uzito. Na wauza jumla wenye mzigo mwingi huanza kushindana: mmoja anashusha hadi 29,000, jirani anashusha hadi 28,500, na ofa ikiisha hakuna mwenye duka anayekubali kurudi 31,000. Yule aliyenunua kwako kwa 30,000 wiki moja kabla ya ofa hatakusahau.

## Haya yanatupata sisi wadogo tu?

Hapana. Wakubwa wameyapitia kwa viwango vya kutisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Procter & Gamble wa Marekani walianza kupunguza ofa za wafanyabiashara na kushusha bei za kawaida, wakitaka bei moja itulie mwaka mzima badala ya kupanda na kushuka. Baadhi ya wauzaji waliokuwa wakiishi kwa ofa hawakupendezwa hata kidogo.

Mwaka 1997 Hau Lee wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walieleza jinsi badiliko dogo la mauzo dukani linavyokua kila linapopanda ngazi kuelekea kiwandani, kama mjeledi unaopigwa mkononi taratibu na kuruka kwa nguvu nchani. Moja ya sababu nne walizozitaja ni hii ya bei kupanda na kushuka kwa ofa, watu wakanunua ya kesho leo. Mfano mmojawapo waliouleta ni Pampers: watoto huzitumia kwa kasi ileile kila siku, lakini oda zilizofika kiwandani zilikuwa zinarukaruka.

## Nitajuaje mzigo umeuzwa au umelala?

Usiangalie ankara zako. Ankara inakwambia mzigo umeingia kwa muuza jumla, haikwambii umetoka kwa Mangi. Chagua maduka 20, yaleyale kila wiki, na kijana mmoja ayapitie siku ileile. Aandike vitu vitatu: miche iliyokuwepo wiki iliyopita, miche iliyonunuliwa tangu hapo, na miche iliyopo leo. Zile mbili za kwanza zijumlishe, utoe ya tatu, ndiyo iliyouzwa kwa walaji. Anza wiki nne kabla ya ofa, vinginevyo hutakuwa na cha kulinganisha.

Kama stoo yako inatoa mara mbili na maduka haya 20 hayajasogea, jibu unalo.

Pia piga muhuri wa tarehe na eneo kwenye katoni za ofa. Tuliweka ofa ya Dar es Salaam peke yake mara moja, na katoni zenye muhuri wa Dar tukazikuta Morogoro, zikiuzwa chini ya bei ya wakala wetu wa hukohuko. Bei ya ofa ilikuwa imelipa nauli ya lori na chenji ikabaki.

Na chunguza vijana wako mwenyewe. Kama kamisheni inalipwa kwa mzigo ulioingia jumla, kila tarehe 28 watamwomba mzee fulani achukue katoni 100 "tufunge mwezi," na kumwahidi ofa ijayo kabla hujaipanga. Hesabu ni asilimia ngapi ya mauzo ya mwezi yanatoka siku tano za mwisho. Yakizidi theluthi, kuna kujaza stoo.

## Basi ofa niipangeje imfikie mwenye duka?

Njia ninayoipenda ni kuponi ndani ya katoni. Unachapa karatasi yenye namba ya mfululizo, inayompa mwenye duka punguzo la 1,000 kwenye katoni yake ijayo. Inatoka katoni ikifunguliwa, na kwa kawaida katoni hufunguliwa dukani. Muuza jumla anapokea kuponi, anampa mteja wake punguzo, na kijana wako anakuja kuzichukua na kumrudishia 1,100 kwa kila moja. Ile 100 ni ya usumbufu, usiione nyingi, bila hiyo atamwambia mwenye duka kuponi zimeisha muda.

Hesabu inabadilika kabisa. Hata kuponi zote zikirudi, faida yako kwa katoni inashuka kutoka 6,000 hadi 4,900. Ili usipate hasara dhidi ya katoni 100 za kawaida unahitaji kuuza 123. Linganisha na zile 167. Na kwa muuza jumla hakuna sababu ya kujaza stoo, maana katoni iliyolala haimlipi kitu.

Udanganyifu upo. Muuza jumla anaweza kufungua katoni mwenyewe, akatoa kuponi na kufunga upya kwa gundi. Utamjua kwa kuponi zake: zinakuja na namba zinazofuatana, safi, hazina kunjo wala doa la mafuta. Kuponi iliyopita dukani huwa imechakaa. Lakini usimrukie kabla ya kuuliza, kwa sababu wapo wauza jumla wanaofungua katoni kihalali na kuuza mche mmojammoja kwa machinga. Hao waandikie utaratibu wao.

Kama kuponi haiwezekani, basi toa bonasi yenye kikomo: kila mteja apate ofa kwa kiasi kisichozidi asilimia 20 juu ya wastani wake wa wiki nane zilizopita. Atanung'unika. Marejesho ya mwisho wa robo mwaka nayo yanafaa, mradi yalipwe kwa idadi ya maduka aliyoyauzia, kwa kuangalia nakala za risiti. Yakilipwa kwa katoni alizonunua kwako, umerudi palepale. Kuhusu namna punguzo, bonasi na marejesho yanavyoandikwa kwenye risiti ya EFD na VAT, kaa na mhasibu wako kabla ya kutangaza ofa, si baada.

## Mali kauli ni mkakati mzuri wa kusukuma?

Inasukuma kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu mtu hajatoa fedha. Lakini mzigo uliopokewa bila fedha hauna haraka ya kuuzwa. Mimi huikubali kwa duka jipya, mara moja, kwa kiasi kinachouzika wiki mbili, na mzigo wa pili hautoki mpaka wa kwanza ulipwe.

Kwa supamaketi hatari ni kubwa zaidi. Huko utaombwa ada ya kuingiza bidhaa, mchango wa vipeperushi, na kusubiri malipo siku 60 au 90. Kenya waliliona hili kwa uchungu Nakumatt ilipoanguka: iliingia chini ya msimamizi Januari 2018 ikiwa na madeni ya mabilioni ya shilingi, wasambazaji wakiwa miongoni mwa wadai. Nguvu ya kusukuma bidhaa kwenye rafu 40 haina maana kama fedha ya rafu hizo ndiyo mtaji wako wote. Weka kiwango cha juu cha deni kwa mteja mmoja, na kikifikiwa usipeleke mzigo hata akupigie mkurugenzi.

## Naweza kuvuta walaji kwa bahati nasibu?

Unaweza, ila kwa Tanzania Bara promosheni ya zawadi kwa kubahatisha inahitaji kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Na chunga uchapaji. Ufilipino mwaka 1992 Pepsi walitangaza namba ya ushindi 349 kumbe ilikuwa imechapwa kwenye vizibo laki kadhaa, ikaishia kwenye ghasia na kesi za miaka. Kwa kiwanda kidogo, mche wa pili wa bei nusu unatosha.

## Nimewazoesha wauza jumla ofa kila mwezi. Nitokeje?

Taratibu, na usiwatangazie. Kwanza vuruga kalenda: ofa ikizoeleka kuja tarehe 1, watu husimamisha manunuzi kuanzia tarehe 20. Iruke mwezi mmoja, kisha miwili. Punguza kutoka kumi kwa moja hadi ishirini kwa moja, na tofauti uipeleke kwenye kuponi ya mwenye duka. Tarajia wiki nne hadi sita za mauzo mabaya stoo zao zinapojimaliza, na uwe na fedha ya kulipa mishahara kipindi hicho, kwa sababu wengi huingiwa na hofu wiki ya tatu, wakarudisha ofa, na kumfundisha kila mtu kwamba kiwanda hiki ukikisusia kidogo kinalegea.

Yule mzee wa Kariakoo alininunia wiki tano. Ya sita alipiga simu, akataka katoni 30, kwa bei ya ankara.